Saini za Jumatano Asubuhi

Mwanvita Kibwana alikuwa na sharti moja kazini, na kwa miaka kumi na miwili hakulivunja: kitu ambacho hakikuandikwa kwenye semina hakiandikwi mezani kwake. Jina lisilo na saini halilipwi. Tarehe ikikosewa hairekebishi yeye. Humrudishia mwezeshaji aliyeikosea, aikate kwa mstari mmoja, aandike iliyo sahihi na kutia saini yake pembeni. Hata tarakimu moja ya namba ya simu hakuwahi kumwongezea mtu.

Sharti hilo hakulisoma chuoni. Alilijua siku aliyomwona Benedikto, mwenzake wa meza ya jirani katika shirika lake la kwanza, akikusanya vitu vyake kwenye boksi la karatasi za kopi. Benedikto alikuwa amemwekea dereva alama ya vema kwenye siku ambayo dereva hakuhudhuria. Dereva alikuwa rafiki yake na mkewe alikuwa amejifungua. Alama moja tu. Mkaguzi aliiona kwa sababu siku hiyohiyo kitabu cha gari kilionyesha dereva yuko Dumila. Benedikto alitoka na boksi lake, hakuna aliyemsindikiza, na Mwanvita akaandika moyoni alichokiandika.

Mwaka huu ametimiza arobaini na tatu. Ni msaidizi wa hesabu katika shirika dogo lenye ofisi Mafiga, linalofundisha wakulima wa milimani kuchimba matuta na kutunza vyanzo vya maji. Kazi yake inaonekana ndogo kwa asiyeijua. Semina ikimalizika, huletewa karatasi za mahudhurio, moja kwa kila siku. Juu ya karatasi kuna tarehe, mahali na mada. Chini yake kuna safu: namba, jina, kijiji, simu, saini ya asubuhi, saini ya mchana. Mwanvita huweka rula chini ya mstari, husoma jina, hulitafuta kwenye orodha ya walioalikwa, huhesabu saini, kisha huingiza kwenye kompyuta siku alizohudhuria mtu na kiwango anachostahili. Kiwango hakitoki kichwani. Kipo kwenye jedwali lililosainiwa na mfadhili: posho shilingi elfu ishirini na tano kwa siku kamili, na siku kamili ni saini mbili. Nauli ni kwa anayetoka mbali, kwa kila siku aliyofika, hata kama alifika mchana. Akimaliza, hutia saini penye maneno “Imeandaliwa na”, na mkuu wa fedha hutia yake penye “Imeidhinishwa na”. Baada ya hapo pesa huingia kwenye simu za watu.

Saini ya kwanza ndiyo inayoulizwa ya kwanza. Hilo Mwanvita alilijua vizuri.

Ijumaa ile ya tarehe ishirini na nane Juni, Daniel, mwezeshaji, alimletea karatasi nne ndani ya bahasha ya plastiki saa mbili na nusu asubuhi. Semina ilikuwa imefanyika Mlali, kwenye ukumbi wa kata, Jumatatu hadi Alhamisi. Washiriki walikuwa thelathini na wanane: kumi na saba wa Mlali penyewe, na ishirini na mmoja walioshuka kutoka Kizagila, juu mlimani.

Kizagila ni kwao Mwanvita kwa upande wa mama, na kwa Waluguru upande wa mama ndio ukoo. Hakuwachagua yeye washiriki. Serikali ya kijiji iliwachagua. Lakini alipoiona orodha wiki mbili kabla, alimwandikia mkuu wa fedha kwamba wanane kati yao ni ndugu zake. Aliambiwa aendelee, maana ofisini hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

“Dada Mwanvita, leo ikifika saa kumi hujapakia malipo kwenye mfumo, ndiyo basi,” Daniel alisema. “Robo ya mwaka inafungwa. Pesa ikirudi kwa mfadhili, hawa wazee watasubiri mpaka Septemba, na mimi sitapita tena Mlali bila kofia ya chuma.”

“Kaa hapo kwanza. Usiondoke mpaka nimesoma tarehe.”

“Tarehe ziko sawa.”

“Ya Jumanne inasema ishirini na nne.”

Daniel aliinama kutazama, akacheka kwa aibu. Alikuwa ametoa kopi fomu ya Jumatatu ikiwa tayari imeandikwa tarehe. Akaikata, akaandika ishirini na tano, akatia saini. Mwanvita akailinganisha na ratiba iliyoidhinishwa na mada iliyoandikwa juu, akaridhika. Daniel akaenda kunywa chai.

Jumatatu ilikwenda bila shida. Watu thelathini na wanane, saini sabini na sita. Jumanne vilevile. Alikuwa anaingiza upesi, rula ikishuka mstari kwa mstari, na roho yake ilikuwa tulivu kuliko ilivyokuwa wiki nzima. Kisha akafika Jumatano, mstari wa ishirini na tatu, akasimamisha rula.

Bibi Chausiku Mkude. Kijiji: Kizagila. Bibi Chausiku ana miaka zaidi ya sabini na hajawahi kushika kalamu. Jumatatu aliweka dole gumba asubuhi na mchana. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano mchana lilikuwepo dole gumba, limekolea wino. Lakini Jumatano asubuhi, mbele ya jina la Bibi Chausiku, palikuwa na saini. Saini nzuri, ya haraka, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kukata jina.

Mwanvita alitazama mstari wa juu yake. Asubuhi, saini yenye mkia. Mchana, herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne. Akatazama wa chini yake. Mkia. Akazitandaza karatasi zote nne mezani, akaanza kulinganisha mtu kwa mtu. Watu wa Mlali, saini zao zilifanana siku zote nne. Wa Kizagila, asubuhi ya Jumatano, ishirini walikuwa na mkia uleule. Wa ishirini na moja alikuwa Twalibu, katibu wa kikundi chao cha wakulima, ambaye mkia ulikuwa wake mwenyewe siku zote.

Mwanvita hakuhitaji kumuuliza mtu yeyote watu wale walikuwa wapi. Jumatano saa moja asubuhi alipigiwa simu kwamba Bi Hidaya amefariki alfajiri. Bi Hidaya na mama yake Mwanvita walikuwa watoto wa ndugu, naye Mwanvita alimwita mama mkubwa. Aliambiwa maziko ni saa nne. Kutoka Mafiga asingewahi, na ofisi ilikuwa inafunga robo. Akasema atapanda Jumamosi. Saa nne ya Jumatano, saini ya asubuhi inapochukuliwa Mlali, Kizagila yote ilikuwa makaburini.

Alisukuma kiti nyuma, akaenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tayari.

Simu ikalia. Ilikuwa mama mdogo Zuhura, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hivi hiyo pesa inaingia leo au ndio mambo yenu ya ofisi?”

“Tunaifanyia kazi mama.”

“Maana mimi simu yangu nimeichaji kwa jirani toka jana, imeshiba kama mtoto wa tajiri. Nimechukua mchele dukani kwa ajili ya hitma. Nimemwambia mwenye duka, mwanangu ndiye anayeandika majina. Akaniambia chukua hata mafuta.”

“Mama, Jumatano mlifika saa ngapi Mlali?”

“Tulichelewa. Tumezika, wanaume wakanawa miguu, sisi tukaacha vyombo, tukateremka wote. Saa nane hivi tulikuwa tumekaa kwenye viti. Yule kijana Daniel akasema poleni, akaendelea na matuta yake. Kwani vipi?”

“Nauliza tu.”

“Usiniulize kama polisi, niambie kama mtoto.”

“Nitakupigia mama.”

Alimpigia Twalibu. Twalibu ni mtoto wa mjomba wake Stambuli, kijana wa miaka thelathini na ushee, aliyewahi kuwa karani wa mnada. Alipokea akicheka.

“Binti wa ofisini. Naona umetukumbuka.”

“Twalibu, Jumatano asubuhi uliwasainia watu.”

“Niliwashikia nafasi.”

“Uliwasainia.”

“Sasa dada, wewe umekuwa mgeni? Mtu akiwa msibani anaandikwa yupo. Kwenye mkutano wa kijiji anaandikwa yupo. Kwenye kuchimba barabara anaandikwa yupo. Baba aliniambia baki chini, uwaandike watu. Mimi sikumzika shangazi yangu, Mwanvita. Nilikaa na kalamu kwenye ukumbi ili wenzangu wasiandikwe watoro. Halafu walikuja, mchana wakasaini wenyewe. Nimeiba nini?”

“Daniel alikuona?”

“Daniel alikuwa anahangaika na mashine yake ya picha ukutani. Alinipa karatasi, akaichukua imejaa. Alifurahi.”

“Kwa nini hukumwambia aandike kwamba wako kwenye maziko?”

“Kwa sababu hakuna safu ya maziko.”

Hilo lilikuwa kweli. Mwanvita alikata simu, akabaki ameishika.

Saa tano unusu alichukua karatasi zote nne, akaingia kwa Doreen, mkuu wa fedha. Doreen ni mdogo kwake kwa miaka saba, mwanamke mwepesi wa kuelewa na mwepesi wa kuchoka. Mwanvita alimweleza bila kupamba. Doreen alizitazama zile saini kwa muda.

“Hii saini ni nzuri kweli,” alisema. “Sasa unataka mimi nifanye nini?”

“Nataka kujua kama tunaweza kuwalipa nusu siku. Mchana walikuwepo. Saini za mchana ni zao.”

“Jedwali lina nusu siku?”

“Halina.”

“Basi nusu siku haipo. Ukiibuni wewe, mkaguzi atakuuliza umeibuni wapi.” Doreen alishusha sauti, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. “Dada Mwanvita, nisikilize. Hii karatasi imesainiwa na Daniel. Ina muhuri wa mtendaji wa kata. Mtu anayehesabu saini anahesabu sabini na sita. Mimi nikiletewa orodha ya siku nne kwa wote, naidhinisha. Sijaona kitu.”

“Lakini mimi nimeona.”

“Ndiyo. Kwa hiyo usije ukasema nilikulazimisha, na usije ukasema nilikukataza. Imeandaliwa na nani? Na wewe.”

“Na nauli?”

Doreen alifikiri. “Nauli ni kwa aliyefika. Wamefika. Hiyo lipa.”

Kisha, Mwanvita akiwa mlangoni, akaongeza kwa upole uliokuwa mgumu kuliko ukali, “Hao si ndugu zako?”

“Ni ndugu zangu.”

“Mimi ningekuwa wewe, nisingelala.”

Aliporudi mezani alianza kukokotoa, kwa sababu tarakimu zilimtuliza. Wakilipwa wote siku nne, mtu wa Mlali atapata laki moja, mtu wa Kizagila laki moja na elfu ishirini na nne pamoja na nauli ya pikipiki ya elfu sita kila siku. Jumla shilingi milioni nne, laki tatu na elfu nne. Akiondoa posho ya Jumatano kwa wale ishirini, kila mmoja atapata elfu tisini na tisa, na jumla itapungua kwa laki tano kamili. Laki tano. Gari la mkurugenzi hunywa hiyo kwa safari moja ya Dodoma na kurudi. Aliliona wazo hilo likija na akalitambua ni la aina gani. Ndivyo Benedikto alivyosema juu ya siku moja ya dereva.

Lakini kulikuwa na jambo lililomtesa zaidi, nalo hakuweza kulitambua kuwa la aina gani. Kama asingekuwa wa Kizagila, kama asingepigiwa simu ya msiba, bado dole gumba la Bibi Chausiku lingemsimamisha. Na kama wale ishirini wangekuwa wageni, asingeenda kuomba nusu siku. Angewakata, akaenda kula. Kwa hiyo kilichokuwa kinamtesa si ukweli wa karatasi. Ni kwamba watu aliokuwa anataka kuwakata walikuwa wanajua jina la utani la utoto wake.

Saa saba na robo mlinzi alimwambia ana mgeni.

Mjomba Stambuli alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, kanzu yake imekunjwa hadi magotini kwa sababu ya vumbi la pikipiki, mkononi ana mfuko wa vitu vya hitma alivyonunua sokoni. Mwanvita alipiga goti kidogo.

“Shikamoo mjomba. Poleni sana na msiba.”

“Marahaba. Tumeshapoa.” Hakumwambia na wewe pole. “Twalibu kanipigia simu. Anasema unamuuliza maswali.”

“Karibu ndani mjomba.”

“Hapa panatosha. Nina pikipiki inanisubiri kwa pesa.” Aliweka mfuko chini. “Niambie jambo moja, mama. Sisi tulifanya kosa gani?”

“Mjomba, saini ya asubuhi inasema mtu alikuwa ukumbini asubuhi.”

“Haya.”

“Jumatano saa nne asubuhi mlikuwa ukumbini?”

Mzee alimtazama kama anayetazama mtoto aliyesahau njia ya nyumbani.

“Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa ndani ya kaburi, nampokea dada yangu. Wewe ulikuwa wapi?”

Pikipiki ilikuwa inanguruma nje ya geti.

“Sikuulizi kwa ubaya,” mzee akaendelea. “Kazi ni kazi. Hatukukununia. Nimesema, mwacheni, yuko kwenye kazi ya watu, hesabu yake ihesabiwe kama yupo. Nikamwambia mchimba kaburi, wa ukoo wanaotupa udongo ni kumi na moja, na Mwanvita kumi na mbili. Nilikuandika. Umeelewa? Na sisi tukaandikwa chini kule. Hivyo ndivyo tunavyokaa.”

“Nimeelewa mjomba.”

“Basi hakuna la zaidi.”

“Lipo. Kule juu kuniandika mimi, wewe ulijua sipo, na kila aliyesikia alijua sipo. Hakuna aliyedanganywa. Hii karatasi anaisoma mtu asiyewajua. Yeye anajua anachokisoma tu. Nikimpelekea na saini yangu juu yake, nimemwambia mlikuwepo.”

“Anaumia nini?”

“Haumii.”

“Basi?”

“Basi nitakuwa nimemwambia uongo, mjomba.”

Stambuli aliinua mfuko wake. Hakuwa mtu wa kelele.

“Sikia. Watu wa Mlali pale chini, wengine wao Bi Hidaya aliwazalisha. Siku anazikwa walikaa kwenye viti, hakuna aliyepanda kutupa udongo. Hao utawalipa siku yote?”

“Walisaini wenyewe.”

“Na Twalibu?”

Mwanvita alishusha macho. “Twalibu alikuwepo asubuhi. Saini yake ni yake.”

“Kwa hiyo aliyeandika uongo, kama unavyouita, analipwa. Aliyezika halipwi.”

“Ndivyo karatasi inavyosema.”

“Hiyo karatasi yako,” mzee alisema taratibu, “haijafiwa.” Akaelekea getini, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Mwanvita, mjomba wake aliondoka bila kumgusa kichwa.

Saa nane. Saa nane na nusu. Zuhura alipiga mara mbili, hakupokea. Daniel alipita kuuliza kama tayari, akaona uso wake, akaambiwa kwa maneno machache. Ni yeye aliyethibitisha karatasi chini kabisa.

“Nitafukuzwa?”

“Utaandika maelezo. Andika ulichokiona na ambacho hukukiona. Usiongeze.”

“Si ungeniambia tu nikaandike karatasi nyingine? Kwa tarehe, uliniambia nirekebishe.”

“Tarehe ulikosea kuandika. Hawa watu hawakuwepo. Huwezi kurekebisha hilo kwa kalamu.”

Aliingiza orodha upya. Kizagila, mmoja, siku nne, laki moja na elfu ishirini na nne. Kizagila, ishirini, siku tatu na nauli nne, elfu tisini na tisa. Alipofika kwa Zuhura Mkude aliandika tisini na tisa, akafuta kwa sababu kidole kiligonga vibaya, akaandika tena. Mfumo wa malipo ulimrudishia majina yaliyosajiliwa kwenye namba za simu. Yote yalilingana isipokuwa namba ya Bibi Chausiku, iliyosajiliwa kwa mjukuu wake. Barua ya mtendaji juu ya hilo ilikuwepo tangu Jumatatu. Akaiambatisha. Kisha akaandika dokezo la mistari minne: kwamba saini ishirini za asubuhi ya tarehe ishirini na sita hazifanani na saini za wahusika, kwamba posho ya siku hiyo haikulipwa kwao, kwamba nauli imelipwa kwa kuwa saini za mchana ni zao, kwamba mwandaaji ana undugu na baadhi yao. Hakuandika kwamba walikuwa mazikoni, kwa sababu karatasi haikusema. Alikaa akitazama nafasi iliyobaki chini ya mstari wa nne. Halafu akaandika mstari wa tano: wahusika walikuwa kwenye maziko, kwa taarifa ninayoijua mimi binafsi.

Hapo ndipo alipokaribia zaidi kulivunja sharti lake, na wala si kwa faida ya mtu yeyote. Lakini dokezo lilikuwa lake, na kauli ilikuwa ya kweli. Akaiacha.

Alitia saini saa tisa na dakika arobaini. Doreen alisoma mstari wa tano mara mbili, akatia yake, akabonyeza.

Wapo watakaosema mwanamke yule alikuwa na moyo wa jiwe, na wapo watakaosema alikuwa anaulinda mshahara wake. Mshahara wake ungekuwa salama zaidi kama angenyamaza. Doreen alishamwonyesha njia. Na mwenye moyo wa jiwe hakai chooni robo saa na bomba limefunguliwa, kama alivyokaa yeye baada ya zile namba thelathini na nane kuonyesha kijani moja baada ya nyingine.

Saa kumi na moja simu yake ilikuwa kimya. Alitarajia kupigiwa kelele. Angeweza kujibu kelele. Alikuwa ameshapanga maneno. Hakuna aliyepiga.

Jumamosi alipanda Kizagila na rambirambi yake, kilo kumi za sukari na elfu hamsini kwenye bahasha. Pikipiki ilimfikisha hadi pale njia inapokatika, akamalizia kwa miguu, baridi ya Juni ikimwingia kwenye mtandio. Njiani alisikia pumzi yake mwenyewe zaidi ya alivyopenda. Msibani walimpokea kwa heshima. Wakamtandikia mkeka mpya. Wakamletea chai kwenye kikombe chenye kisahani, kama anavyoletewa mgeni kutoka halmashauri.

Mama mdogo Zuhura alikuwa anachambua mchele. Mwanvita alikaa karibu yake, akanyoosha mkono kwenye ungo.

“Acha,” Zuhura alisema, bila hasira. “Utachafuka.”

“Mama.”

“Nimeiona tisini na tisa. Nimemwambia mwenye duka mafuta nitayarudisha, sijayafungua.” Aliondoa punje nyeusi, akaitupa. “Wenzangu wameniuliza, mwanao ametukata? Nikawaambia si yeye, ni kompyuta. Wakacheka. Wanajua kompyuta haikulelewa hapa.”

“Ningeandika mlikuwepo, ningekuwa nimesema uongo.”

“Najua. Ndiyo maana sikukupigia.” Zuhura alimtazama. “Ungekuwa umekosea, ningekupigia nikutukane, yakaisha. Sasa umepatia. Nitakutukana kwa lipi?”

Bibi Chausiku, aliyekuwa amelala upenuni, aliuliza kwa sauti ni nani huyo amekuja. Mtu akamjibu, “Mgeni, bibi. Wa ofisini.” Mwanvita alisubiri mtu arekebishe. Alimtazama Zuhura. Zuhura aliendelea na mchele.

Mkaguzi alikuja Agosti. Aliichukua karatasi ya Jumatano, akasoma dokezo, akaweka alama ya vema pembeni, akaenda kwenye faili lingine. Ilichukua dakika tatu. Daniel alipewa onyo la maandishi na anaendelea na kazi. Fomu ya mahudhurio imeongezwa safu ya maelezo, upande wa kulia, ambayo mpaka leo hujazwa mara chache. Twalibu alipeleka posho yake yote ya Jumatano kwenye hitma, na kikundi kilimchagua tena kuwa katibu.

Arobaini ya Bi Hidaya ilisomwa mapema mwezi huohuo. Mwanvita hakuambiwa siku. Aliijua baadaye kwa muuza ndizi wa sokoni. Mama mdogo Zuhura, aliyekuwa akishukia kwake Mafiga kila mwezi kwenda kliniki ya presha, sasa analala kwa mtu wa Mlali. Wakikutana wanasalimiana vizuri, shikamoo na marahaba. Watu ishirini walikosa shilingi elfu ishirini na tano kila mmoja, na Mwanvita alikosa nyumba aliyolelewa.